Kuamka usiku kukojoa: kabla ya kulaumu tezi dume, chukua jagi

Mwenye shida hii akishakaa kwenye kiti huanza na hesabu ya safari. "Naamka mara tatu." "Mimi mara tano, na choo chenyewe kiko uani." Kabla hujamjibu ameshataja chanzo alichojiamulia: mwanaume husema ni tezi dume, mwanamke husema ni yutiai. Mimi ni tabibu wa wagonjwa wa nje hapa Tanga, na siku hizi swali langu la kwanza ni jingine: ukifika huko chooni, unatoa kiasi gani?

Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayeamka mara nne na kila mara akatoa mkojo wa kujaza bilauri, na anayeamka mara nne akaambulia matone, hawaumwi kitu kimoja. Wa kwanza kibofu chake hakina kosa lolote, kinamwamsha kwa sababu kimejaa kweli. Mwili wake unatengeneza mkojo mwingi saa ambazo ungepaswa kupumzika. Wa pili kibofu kinamwamsha kabla hakijajaa, na kuna kinachokichokoza au kinachokizuia kumwaga chote. Yupo na wa tatu, ambaye usingizi ndio uliokatika, akaenda chooni kwa sababu tu yuko macho.

Kuamka mara moja, hasa ukishavuka miaka 60, si jambo la kulitafutia dawa. Mwongozo huu ni wa mtu anayeamka mara mbili au zaidi, usiku baada ya usiku.

Haya hayasubiri jagi

Kuna dalili ambazo ukiwa nazo uache kusoma uende hospitali leo hii:

- Mkojo umegoma kutoka kabisa, na tumbo la chini limejaa na linauma.
- Una homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu au mgongo.
- Ukilala chali pumzi inakata, au unazinduka usiku ukitafuta hewa.
- Una kiu isiyoisha, unakojoa sana, na sasa umeanza kutapika, kuhema au kusinzia ovyo.
- Miguu imeingia ganzi au imelegea ghafla, au sehemu za siri hazina hisia, na mkojo nao umebadilika.
- Ni mjamzito, uso na mikono vimevimba, kichwa kinauma au unaona vimulimuli.

Damu kwenye mkojo ina hukumu yake peke yake. Hata kama ilitoka mara moja, haikuuma, na kesho yake ikakoma, nenda ukapimwe ndani ya wiki hiyo. Kukoma kwake si kupona.

Jagi, daftari na siku tatu

Nunua jagi la plastiki la lita moja lenye mistari ya mililita, kama yale ya kupimia maziwa. Mwanamke anaweza kukojolea kwenye beseni dogo kisha akamimina. Kwa siku tatu andika saa ya kila mkojo na kiasi chake. Andika pia saa uliyokunywa kitu, ni kitu gani na kiasi gani, saa uliyolala na saa uliyoamka kabisa. Siku hizo si lazima zifuatane, ila ziwe za kawaida. Siku ya harusi, siku ya safari na siku ya mfungo zitakudanganya.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo karibu kila mtu hulifanya. Mkojo wa mwisho kabla ya kulala ni wa mchana, kwa sababu ulitengenezwa ukiwa bado uko macho. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni wa usiku, kwa kuwa ulikusanyika ukiwa umelala. Ukivichanganya hivi viwili, hesabu yote inapinda.

Ukimaliza, jumlisha wa usiku, jumlisha wa saa 24, kisha angalia usiku umechukua sehemu gani. Kwa kijana, usiku haupaswi kuzidi asilimia 20 hivi. Kwa aliyevuka miaka 65, ikizidi asilimia 33, yaani theluthi, tunasema mkojo wake umehamia usiku. Jumla ya saa 24 nayo ina mpaka wake: ikizidi mililita 40 kwa kila kilo ya uzito, basi mkojo ni mwingi kupita kiasi. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni lita 2.8.

Dalili ya kwanza: usiku unajaza, mchana ni kidogo

Hii ndiyo ninayoiona zaidi kwa wazee, na ndiyo inayopotezewa fedha zaidi, kwa sababu watu hutibu kibofu kisicho na ugonjwa.

Alikuja fundi cherehani wa Chumbageni, umri miaka 68, kilo 70. Alikuwa amekwishameza viuavijasumu mara mbili kutoka duka la dawa, na jirani alimuuzia mizizi ya tezi dume. "Mwanangu," akaniambia, "maji nimeyaacha tangu saa 9 mchana, na bado naamka mara tatu." Nilimpa kazi ya jagi. Siku moja kati ya zile tatu ilisomeka hivi: saa 2:30 asubuhi mililita 150, saa 5 mililita 120, saa 8 mchana 130, saa 11 jioni 150, na kabla ya kulala saa 4 kasoro usiku 200. Mchana wote ni 750. Kisha saa 6 usiku 380, saa 8 usiku 350, saa 10 alfajiri 300, na alipoamka saa 11:30 akatoa 320. Usiku ni 1,350.

Jumla ni mililita 2,100, ambayo kwa mtu wa uzito wake ni ya kawaida kabisa. Lakini asilimia 64 ya mkojo huo imetoka akiwa kitandani. Kibofu kinachobeba mililita 380 bila shida si kibofu kilichochoka, wala tezi dume haitengenezi mkojo. Swali likabaki moja: maji haya yalikuwa wapi mchana?

Nikamwomba akunje suruali. Soksi zilikuwa zimechora mfereji, na nilipobonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole, shimo lilibaki. Maji yalikuwa pale. Mtu anayeketi kutwa na miguu ikining'inia kwenye cherehani hujaza maji kwenye nyama za miguu, yakivutwa na uzito wake yenyewe. Akilala, miguu inakuwa usawa wa moyo, maji yanarudi kwenye damu, na figo zinaona ziada iliyoingia ghafla. Zinaitoa. Ndiyo maana kuacha maji tangu saa 9 hakukumsaidia: alikuwa akikojoa maji ya asubuhi na ya jana.

Nikiona jedwali la namna hii, visababishi huvifuata kwa mpangilio huu.

*Vinywaji vya jioni.* Hiki ni rahisi kukagua, kwa hiyo kianze. Hesabu vyote ulivyokunywa baada ya saa 12 jioni, na usisahau uji, supu, mchuzi, tikiti maji na dafu. Watu huniambia hawanywi kitu usiku huku kikombe kikubwa cha chai ya tangawizi hawakihesabu, kwa sababu "hiyo ni chai". Fundi wetu alikuwa na vikombe viwili saa 3 usiku.

*Chumvi.* Chumvi hushika maji mwilini mchana na kuyaachia usiku. Mwaka 2017 madaktari wa Nagasaki, Japani, walieleza habari za wagonjwa waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi gramu 8.0. Safari zao za usiku zilishuka kutoka wastani wa 2.3 hadi 1.4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Hapa pwani, kipande cha papa mkavu wa chumvi na kachumbari iliyonyunyiziwa vimeshamaliza mgawo huo kabla wali haujaonjwa.

*Dawa.* Amlodipini, dawa ya presha wanayopewa wengi, huvimbisha miguu kwa baadhi yao, hasa kwa dozi kubwa. Dawa za kukojosha zina shida nyingine: ni suala la saa. Furosemaidi ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya saa sita hivi. Akiimeza mtu saa 2 usiku ili isimwaibishe kwenye daladala, ataamka mpaka saa 8. Wapo wenye miguu iliyovimba ambao daktari huwahamishia dozi mchana wa saa 8 au 9, ili maji yatoke kabla ya kulala. Usihamishe wala kuacha dawa ya presha au ya moyo kwa uamuzi wako. Peleka daftari lako kwa aliyekuandikia, umwonyeshe saa.

*Moyo, figo na ini.* Miguu inayovimba si lazima iwe ya kiti na chumvi tu. Moyo unaoanza kushindwa hujitambulisha hivyo hivyo, na mgonjwa huona mkojo wa usiku kabla hajaona pumzi fupi. Kama unachoka kupanda ngazi ulizokuwa ukizipanda, unalalia mito mitatu, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku chache, hilo ni la daktari na si la jagi. Mkojo wenye povu lisiloisha unaelekeza kwenye figo. Mguu mmoja ukivimba peke yake na ukauma, usiukande: huenda damu imeganda ndani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Kukoroma kunakokatisha pumzi.* Anayelala naye ndiye shahidi. Mtu anakoroma, ananyamaza kimya, kisha anavuta hewa kwa kishindo. Kifua kinapovuta hewa isiyopita, moyo unatanuka na kutoa homoni inayoziambia figo zimwage chumvi na maji. Huyu naye anajaza jagi, na asubuhi anaamka na kichwa kizito kana kwamba hakulala. Hana cha kufanya na dawa za mkojo, anahitaji kuchunguzwa usingizi wake.

Fundi alipimwa sukari, mkojo, figo na moyo, na hakuna kilichotisha. Daktari alibadilisha dawa yake ya presha. Yeye mwenyewe alipewa mambo manne. Saa 10 jioni alale chali kwa saa nzima, miguu ikiwa juu ya mito, juu ya usawa wa kifua, na akiinuka akakojoe. Chakula cha usiku kiwe saa 1 badala ya saa 3, bila papa. Chai ihamie alasiri. Na maji, ambayo alidhani nitamkataza, ayarudishe: lita moja na nusu, yote kabla ya saa 11 jioni. Nilimpa na soksi za kubana, akazivaa siku mbili, akasema kwa joto la Tanga hazivaliki. Sikubishana naye.

Baada ya wiki tatu alirudi na daftari. Mchana 1,250, usiku 700, jumla 1,950. Usiku umeshuka hadi asilimia 36. Anaamka mara moja, saa 9 usiku, anatoa 330, kisha 370 asubuhi. Bado yuko juu ya theluthi kidogo, lakini analala saa tano mfululizo.

Saa za kunywa, kwa undani kidogo

Neno "punguza maji" limeleta madhara mengi kuliko faida, hasa kwetu kwenye joto. Anayejinyima maji kutwa hupata mkojo mzito wa rangi ya chai, na mkojo mzito unawasha kibofu. Choo kikubwa nacho kinakuwa kigumu, na utumbo uliojaa unakikandamiza kibofu kutoka nyuma. Kinachobadilishwa ni saa, si jumla. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo wala figo anywe sehemu kubwa ya maji yake kati ya alfajiri na alasiri, apunguze kuanzia magharibi, na saa mbili au tatu kabla ya kulala aishie kwenye funda la kumezea dawa. Mkojo wa mchana uwe na rangi ya njano iliyopauka.

Kahawa ina kafeini, na nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa chungu ya barazani baada ya magharibi ni kikombe kidogo, lakini nani anakunywa kimoja? Chai ya rangi iliyokolea imo humo humo. Jaribu wiki mbili bila hivyo baada ya saa 8 mchana, halafu upime tena kwa jagi. Bia ni mbaya zaidi, maana inaongeza mkojo na inakata usingizi wa alfajiri.

Katika Ramadhani hesabu hizi zinapinduka, kwa sababu maji yote ya siku yanaingia kati ya futari na daku. Kuamka mara mbili mwezi huo si ugonjwa. Kinachosaidia ni kunywa zaidi mara baada ya kufuturu, badala ya kuendelea na uji, juisi na chai mpaka saa 5 usiku, na kupunguza sambusa na vyakula vya chumvi vinavyokuita ukanywe tena. Anayetumia dawa za kukojosha au za kisukari aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kuna watu ambao ushauri huu wa saa hauwahusu. Mwenye selimundu figo zake haziwezi kuukoleza mkojo, kwa hiyo ataamka usiku na mkojo mwepesi maisha yake yote. Asipunguze maji hata jioni, kwa sababu kukaukiwa kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Wenye moyo dhaifu au figo zilizochoka nao wafuate kiwango walichopangiwa.

Dalili ya pili: mkojo ni mwingi usiku na mchana, na kiu haiishi

Jumla ya saa 24 imevuka ule mpaka wa mililita 40 kwa kilo. Chanzo cha kwanza kukiondoa ni kisukari, na kipimo chake ni tone moja la damu ya kidole. Sukari ya damu ikipita karibu milimoli 10 kwa lita, figo zinashindwa kuizuia yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji nyuma yake. Ndipo kiu inapokuja. Kiu haijasababisha mkojo, mkojo ndio umeleta kiu, na anayejinyima maji hapa anajiumiza.

Kabla ya kula asubuhi, sukari ya 7.0 au zaidi ikirudiwa siku nyingine na ikabaki hapo, ni kisukari. Kwa mwenye dalili, sukari ya 11.1 au zaidi saa yoyote inatosha. Sisimizi wanaojikusanya chooni wamewahi kumleta mtu kliniki, na hawakukosea, ila wasipoonekana isiwe ndiyo sababu ya kutokupima. Mwili ukikonda wakati hamu ya kula ipo, nenda kesho. Kuhema, kutapika au pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno ni dharura.

Sukari ikiwa sawa, angalia tabia: wapo wanaokunywa lita nne kwa siku kwa sababu waliambiwa maji ni afya. Punguzeni hadi lita mbili kwa wiki moja, mpime tena. Jumla isiposhuka, au kiu ikiwa haivumiliki, hapo panahitajika vipimo vya figo, vya madini ya damu, na kuangalia dawa kama lithiamu.

Dalili ya tatu: kidogo kidogo, mara kwa mara

Jagi linaonyesha mililita 50, 80, 100, na mchana hali ni hiyo hiyo. Sasa ndiyo tuko kwenye kibofu.

Kama kunawaka wakati wa kukojoa na kumeanza siku chache zilizopita, maambukizi ndiyo ya kwanza kufikiriwa, hasa kwa mwanamke. Lakini neno yutiai kwetu limekuwa jina la kila maumivu ya kiuno. Omba mkojo upimwe kabla ya kumeza kitu. Kama umeshatibiwa mara mbili na inarudi, usimeze dozi ya tatu kwa kubahatisha. Omba mkojo uoteshwe, ili ijulikane ni mdudu gani na ni dawa gani inayomuua. Mara nyingi unarudi bila mdudu yeyote, na tunaanza kutafuta upya. Mjamzito hukojoa mara nyingi kwa sababu ya mimba yenyewe, ila naye asikisie: maambukizi ya mkojo kwake huweza kupanda hadi kwenye figo na kumletea uchungu kabla ya siku zake. Aliyekoma hedhi anaweza kuwa na mwasho wa kukauka kwa tishu, ambao una dawa yake na si kiuavijasumu. Na kama mkojo unavuja wenyewe muda wote tangu ulipojifungua, hiyo inaweza kuwa fistula, na inatibiwa kwa upasuaji.

Kwa aliyekulia Pemba, Unguja, pwani, au karibu na mabwawa na mito ya kuogea, uliza kichocho. Damu yake huja mwisho wa mkojo. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo, lakini kovu la kichocho cha zamani linaweza kubaki kwenye kibofu na kukifanya kidogo na kigumu, na miaka ikipita linaweza kuzaa saratani. Mtu mzima mwenye damu asipewe tu prazikwanteli akaagwa. Kibofu kitazamwe.

Kwa mwanaume wa miaka 50 na zaidi, tezi dume sasa ina haki ya kutajwa. Maswali yake ni haya: unasubiri kabla mkojo haujaanza? Mkondo umepungua nguvu? Unamaliza kwa matone, na ukitoka unahisi umebaki? Ukijibu ndiyo, jaribu kukojoa, usubiri dakika moja, ukojoe tena kabla ya kulala, na ufuatilie choo kikubwa kisiwe kigumu. Kaa mbali na dawa za mafua za kukausha kamasi. Wapo waliozimeza jioni, na usiku mkojo ukafunga kabisa, wakaishia kuwekewa mpira. Kisha nenda ukapimwe kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kwa damu na kwa ultrasaundi inayoonyesha mkojo uliobaki baada ya kukojoa. Tezi iliyokua kwa umri na saratani ya tezi zinaweza kuanza kwa dalili zile zile, na mizizi ya jirani haizitofautishi.

Mzee wa kiume aliyeanza kulowanisha kitanda asichekwe wala asinyimwe maji. Mara nyingi kibofu kimejaa kupita kiasi na kinamwagika juu, na figo zinaumia kimyakimya bila maumivu yoyote. Apelekwe siku hiyo.

Kama mkojo ni safi, mkondo ni mzuri, lakini hamu inakukamata ghafla usiweze kufika, kibofu chenyewe kimekuwa na pupa. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na kuirefusha nafasi kati ya safari kwa dakika 15 kila wiki humsaidia, pamoja na kuacha kafeini. Dawa zipo, ila baadhi huvuruga kumbukumbu za wazee na kuzuia mkojo, kwa hiyo zisinunuliwe dirishani.

Dalili ya nne: uko macho kwanza, mkojo baadaye

Jiulize usiku wa leo: kilichokuzindua ni nini hasa? Maumivu ya goti, mbu, mawazo ya ada ya shule, joto la umeme uliokatika? Kama ulikaa macho dakika kadhaa kabla ya kufikiria choo, na jagi likapokea mililita 100 tu huku mchana unatoa 300, kibofu hakikukuamsha. Tibu maumivu, rekebisha chumba, na anza kuvumilia safari moja, ukijigeuza upande mwingine. Kusinzia mchana saa mbili nzima nako kunaiba usingizi wa alfajiri.

Wakati chanzo kinatafutwa

Mifupa ya nyonga inavunjika kwenye safari hizi za gizani, kwa hiyo weka taa ndogo njiani, ondoa mkeka unaoteleza, na kama choo kiko uani, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, hasa kama umeanzishiwa dawa ya tezi dume, kwa sababu baadhi yake hushusha presha ukiinuka. Ukisikia habari za kidonge cha homoni kinachozuia figo kutengeneza mkojo usiku, ni kweli kipo, ila kwa wazee kinaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa au kupata degedege. Hakitolewi bila kupima damu kabla na baada, na mwenye moyo dhaifu hapewi kabisa.

Jagi lenyewe liandike jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Mke wa fundi alikuwa amelirudisha jikoni.